Taa ya Bluu na Paipu Chini ya Kiti

Ile paipu haikuwa ya kunyonyea mafuta. Wanaoendelea kusema ilikuwa hivyo, wakiwemo waliokula na kunywa nyumbani kwa marehemu, wasikie vizuri mara moja. Ilikuwa paipu nene ya mpira, imepasuka katikati, mtu anaweza kupitisha dole gumba kwenye ule ufa. Anayetaka kunyonya mafuta kwa kitu cha namna hiyo atanyonya upepo. Ilikuwa imeondolewa kwenye rejeta ya gari, na ilikaa chini ya kiti cha dereva kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu wa kutupa ovyo. Hata nyumbani kwake vifuniko vya chupa vilikuwa na kopo lao.

Watu walimwita Breki. Jina hilo halikuwa la kumcheka, ingawa kuna waliolifanya hivyo. Alikuwa akianza kupunguza mwendo mapema sana, tangu kona haijaonekana, na abiria aliyeshika kikombe cha chai hakuwahi kujimwagia. Aliendesha magari ya watu tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa ofisini kujieleza. Mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari. Yeye mwenyewe hakusoma sana, lakini kwa adabu na usafi wa kola hakuna mwalimu aliyemshinda.

Miaka yake ya mwisho kazini aliendesha gari la Mama Pasi, mwenye kiwanda cha kufua nguo nyuma ya stendi. Kazi yenyewe ilikuwa mashuka, mataulo na vitambaa vya meza vya mahoteli na nyumba za wageni. Asubuhi Breki alipeleka safi, mchana alirudisha chafu. Chumba cha kupigia pasi kilikuwa kirefu, chenye mvuke na madirisha yaliyofunguka nusu tu, na wanawake sita waliosimama humo kutwa nzima walikuwa wanajua habari za mji kabla mji wenyewe haujazijua.

Gari la kwanza la Mama Pasi lilitoka Ulaya. Lilipochoka, akanunua jingine la mtumba kutoka Japani, jeupe, lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Siku ya kulichukua, muuzaji aliwasha swichi, na kwenye dashibodi ikatokea namba katikati ya maandishi ya kwao yanayofanana na vibanda vidogo vidogo: kumi na mbili nukta moja.

"Huo ndio ulaji wa mafuta," alisema muuzaji.

"Kumi na mbili!" Mama Pasi akashtuka. "La zamani lilikuwa linasoma tisa. Hili linakula hivyo?"

"Mama, gari zuri hilo," alisema muuzaji, ambaye angesema hivyo hata kama lingekuwa linawaka moto.

Mama Pasi akalinunua hata hivyo, kwa sababu ya mlango wa kuteleza. Namba ile akaiweka kichwani.

Gari lilikuwa na mambo yake. Kila Breki alipowasha swichi, sauti ya mwanamke ilitoka mahali fulani chini ya redio ikasema maneno marefu ya Kijapani, kwa upole na heshima nyingi. Hakuna aliyejua anasema nini. Breki alikuwa anamjibu, "Salama, mama, sijui wewe." Wapiga pasi wakaanza kumwita yule mwanamke mke mdogo. Hilo nalo lilibebwa likafika mtaani kama vile kweli yupo mwanamke. Alikuwa ni kifaa cha kulipia barabara za kwao, kilichokuwa kinadai kadi yake. Basi.

Tena hapakuwa na mshale wa joto. Magari aliyoyazoea Breki yalikuwa na mshale unaopanda taratibu mpaka katikati ukatulia. Hili lilikuwa na taa tu, picha ya kipimajoto kilichosimama kwenye mawimbi ya maji. Asubuhi ukiwasha, inawaka bluu. Ukifika kwenye mzunguko wa pili wa barabara, inazimika. Breki aliizoea akaona ni kama salamu ya asubuhi, ikishapita hairudi.

Siku moja, akipanda mlima kuelekea hoteli ya juu, picha ile ile iliwaka nyekundu. Hakusubiri. Akasogea pembeni, akazima injini, akafungua boneti, mvuke ukamkaribisha. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Akakaa hapo na mashuka safi mpaka injini ikapoa, ndipo gari likavutwa hadi kwa fundi.

Fundi huyo aliitwa Toa. Alipewa jina hilo kwa sababu dawa yake kwa kila ugonjwa ilikuwa kutoa kitu. Kengele ikilia, anatoa kengele. Taa ikiwaka usiyoipenda, anatoa balbu. Lakini mikono yake ilikuwa myepesi na mkewe alikuwa ndugu wa Mama Pasi, kwa hiyo kazi zote zilikwenda kwake. Akafunga paipu mpya, akajaza maji, akamkabidhi Breki ile kuukuu kama ushahidi kwamba hakuibiwa.

"Na nimekusaidia kitu kingine, mzee wangu," akasema akijifuta mikono. "Nimetoa themostati. Hayo ni mambo ya nchi za baridi. Sasa halitachemka tena maishani mwako."

"Haina madhara?"

"Mimi nakupunguzia matatizo, wewe unaniuliza madhara!"

Breki akaiweka ile paipu kuukuu chini ya kiti, akashukuru.

Kuanzia kesho yake, salamu ya asubuhi haikuisha. Taa ya bluu ilikaa. Kwenye foleni, gari likisimama sana, ilizimika. Barabara ikifunguka na upepo ukaanza kupiga rejeta, ikawaka tena. Breki akarudi kwa Toa kuuliza.

"Bluu ni rangi ya amani," alisema Toa kutoka chini ya lori la mtu mwingine. Ilionekana miguu tu. "Nyekundu ndiyo uiogope. Kwani imewaka nyekundu?"

"Haijawaka."

"Sasa je!"

Mtu anayefanya kazi kwa mikono yake humwamini mwenye mikono. Breki akaenda zake.

Alichokiona baada ya hapo ni mafuta. Alikuwa anajaza tangi kila Jumatatu kwenye kituo ambako Mama Pasi alilipa mwisho wa mwezi, kisha anabonyeza kitufe hesabu ya gari ianze upya. Zamani tangi lilimfikisha Jumamosi bila wasiwasi. Sasa Alhamisi taa ya njano yenye picha ya pampu ilikuwa inawaka, naye inabidi aongeze. Akamwambia Mama Pasi mwenyewe, kwa hiari yake, kwamba gari limeanza kula. Hapo ndipo wasemaji wanaporuka. Mwizi gani anayetangulia kutoa taarifa?

Mama Pasi alimsikiliza, akaenda hadi kwenye gari na kukaa kwenye kiti cha dereva. Akawasha swichi. Mke mdogo akasema maneno yake. Namba ikatokea: tisa nukta nane.

"Breki, njoo."

"Naam, mama."

"Siku tuliyolinunua ilisoma ngapi?"

"Sikumbuki, mama. Mimi naangalia mshale wa tangi."

"Mimi nakumbuka. Kumi na mbili. Leo ni tisa. Gari limepunguza kula. Na wewe unaniambia limeongeza."

Breki akaitazama ile namba. Haikumwambia chochote. Angependa ingekuwa mtu, amuulize.

"Limepunguza kula, na mafuta yanazidi," alisema Mama Pasi. "Haya, hicho kinachozidi kinakwenda wapi?"

"Mama, mimi sijui namba hiyo inasemaje. Najua tangi linaisha."

"Na hii bluu? Unatembea na taa kamili za mbele mchana kweupe?"

"Hiyo si taa kamili, mama. Ya taa kamili ina alama nyingine. Hii Toa anasema ni ya amani."

Mama Pasi hakucheka. Alijiinua, mkono ukagusa kitu chini ya kiti, akakivuta. Ikatoka paipu.

Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa wazi. Wanawake sita waliona paipu mkononi mwa bosi na Breki amesimama mbele yake kama mwanafunzi. Hawakuhitaji zaidi ya hapo.

"Hiyo ni ya rejeta," alisema Breki.

"Kila kitu kina jina," alisema Mama Pasi.

Breki hakugombana naye. Wapo wanaouliza kwa nini hakuinua sauti, hakuapa, hakuita mashahidi. Alikuwa amechoka. Mtu aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo, akabeba mizigo ya wengine bila kumwaga hata chai, akifika siku ya kuulizwa yeye ni nani, hana nguvu ya kuanza kujitambulisha. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya fungu la mataulo, akatembea hadi nyumbani.

Mkewe alikuwa anasahihisha mitihani. Akamwangalia anavyovua viatu, kimoja, halafu anakaa na kile kingine mguuni muda mrefu.

"Gari liko wapi?"

"Limebaki."

"Limeharibika?"

"Mimi ndiye nimeharibika, mwalimu."

Akamsimulia. Mkewe akasimama akitaka kwenda huko huko, usiku huo huo, na kanga yake ya ndani. Breki akamzuia. "Ukienda utapiga kelele, na tukipiga kelele watasema tunaficha." Akavua kiatu cha pili, akakipanga sawasawa na mwenzake.

Alitafuta kazi. Hoteli ya juu, ambako kwa miaka walikuwa wanampa chai jikoni, walikuwa wanatafuta dereva. Msimamizi alimpokea mlangoni badala ya ofisini.

"Baba yangu, ningekuchukua hata sasa hivi," alisema, akiangalia vidole vyake. "Ila tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Ah, si unajua. Mambo ya paipu."

Kwenye nyumba nyingine ya wageni hata chai hakupewa. Dukani, muuza duka aliyezoea kumtania "Breki, leo umefunga au umeachia?" alimpa chenji bila neno. Breki alirudi, akakaa barazani, akasafisha taa ya chemli ambayo haikuwa imetumika tangu umeme uingie. Alichoshikilia maisha yake yote kilikuwa kimoja, kwamba mtu akimkabidhi kitu atakikuta. Hicho nacho kikawa kimekwenda, kwa sababu ya namba.

Mama Pasi, kwa upande wake, hakuajiri mtu. Aliamua kuendesha mwenyewe. Si mwanamke mbaya, na hapa haandikwi ili achukiwe. Alikuwa anainuka alfajiri, anapakia mwenyewe, anakanyaga mafuta kwa hasira kila taa ya barabarani ikifunguka. Siku chache tu namba ikashuka hadi tisa nukta tatu. Akaingia chumba cha pasi akaitangaza.

"Mnaona? Mikononi mwangu linazidi kupunguza!"

"Kumbe yule mzee!" wakajibu, pasi zikipiga foo.

Alhamisi, taa ya njano ya pampu ikawaka. Mama Pasi akaiangalia kwa dharau. Gari linalokula tisa na ushei, lililojazwa Jumatatu, litaishaje Alhamisi? Akahukumu kwamba taa ndiyo mbovu. Ijumaa asubuhi ikaanza kumulika na kuzima. Akasema imepata wazimu. Gari likakohoa mara mbili, likasimama mbele ya lango la soko, likiwa limejaa vitambaa vya meza vya watu waliokuwa wanangoja chakula cha mchana.

Alimpigia Toa, simu haikupokewa. Halafu akampigia Breki.

Mkewe alikuwa amerudi nyumbani kuchukua chaki. "Usiende," alimwambia.

"Vitambaa havina kosa," alisema Breki, akatafuta dumu.

Alifika kwa miguu, dumu la mafuta mkononi, shati lake limepigwa pasi. Watu wa soko walisimama kutazama. Mwizi wa mafuta analeta mafuta, nani asingetazama? Akamsalimia Mama Pasi kama kawaida, akamimina, akazunguka mpaka dirishani.

"Jumatatu ulijaza tangi zima, mama?"

"Zima."

"Na hakuna aliyeligusa?"

Funguo Mama Pasi alikuwa analala nazo chini ya mto. "Hakuna."

Breki hakuongeza neno. Hakutabasamu. Alisimama tu, ameshika dumu tupu, kama mtu anayengoja basi. Na kunyamaza huko ndiko kulikomfanya Mama Pasi afungue mkoba, atoe miwani aliyokuwa anaionea aibu, aivae, na kuinamia dashibodi mpaka pua ikakaribia kioo. Pembeni ya namba, chini ya vile vibanda vya Kijapani, palikuwa na herufi ndogo kama mchanga. Akazisoma kwa sauti.

"K, m. Mkwaju. L."

Akazisoma tena. La zamani, la Ulaya, lilikuwa linaanza na L. Lita, kwa kila kilomita mia. Hapo namba ikishuka unashukuru. Hili lilikuwa linaanza na kilomita. Kilomita ngapi kwa lita moja.

"Breki."

"Naam."

"Lilikuwa linakwenda kumi na mbili kwa lita. Sasa linakwenda tisa."

"Ndiyo maana tangi linaisha," alisema Breki.

Alisema hivyo tu. Wapo wanaodai alimtukana pale sokoni. Hakumtukana. Akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza tangu gari lije, wakapeleka vitambaa. Njiani kote taa ya bluu iliwaka mbele yao, na hakuna aliyezungumza isipokuwa yule mwanamke wa Kijapani wakati wa kuwasha.

Kutoka huko wakaenda moja kwa moja kwa Toa. Safari hii alikuwa juu ya gari, si chini yake, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha.

"Hii picha ya bluu ni ya nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Shemeji, si ni injini baridi tu."

"Injini imetoka mjini hadi hapa, itakuwaje baridi?"

Toa akajikuna shingo. "Niliwatolea ile themostati, isije ikachemka."

"Ilichemka kwa sababu paipu ilipasuka," alisema Breki polepole, kama anayejisemea.

"Ile themostati kazi yake nini?" Mama Pasi hakumwachia.

"Ni kama kamlango tu, shemeji. Injini ikiwa baridi kanafungwa, maji yasiende kupoa kwenye rejeta. Injini ikipata moto kanafunguka."

"Na ukikatoa?"

"Maji yanazunguka tu kutwa. Inakuwa…" Toa alianza kuona anakokwenda. "Inakuwa kama ni asubuhi muda wote. Kompyuta yake inaona injini ya baridi, inaimwagia mafuta mengi kama ya kuwashia."

Mama Pasi alikuwa na pasi za umeme kumi na mbili. Alijua vizuri kinachompata mtu anayechezea kidhibiti cha joto.

"Fundi," alisema, "wewe nikikukuta kwenye pasi zangu nitakukata vidole. Kairudishe."

"Ile niliitupa, shemeji."

"Basi kanunue."

Akanunua, akafunga. Kesho yake asubuhi Breki aliwasha gari, akamjibu mke mdogo, bluu ikawaka. Alipofika mzunguko wa pili ikazimika. Ikabaki imezimika. Aliegesha pembeni akakaa kidogo akiitazama sehemu tupu ilipokuwa. Baada ya wiki kadhaa namba ilipanda hadi kumi na moja nukta tisa, na tangi likarudi kufika Jumamosi.

Kwa maana Mama Pasi alimwomba arudi, naye alirudi. Aliomba jambo moja tu, kwamba maneno yasemwe pale pale yaliposemwa, ndani ya chumba cha pasi, mlango ukiwa wazi. Mama Pasi akaingia, akasimama kwenye mvuke, na kusema kuwa palikuwa na kutoelewana kidogo kuhusu gari, sasa yameisha. Kutoelewana kidogo! Hakulitaja neno mwizi ili aliondoe. Paipu nayo hakuitaja. Wanawake sita wakaitikia "haya mama" na kuinamia mashuka, na kila mmoja akabaki na habari yake ya zamani, maana hakuna aliyempa mpya.

Breki aliendesha mpaka magoti yakakataa. Hakusema jambo hili tena. Ila hakupiga tena hodi kwenye kile chumba. Alikuwa anashusha nguo chafu mlangoni na kungoja nje, hata mvua ikinyesha. Siku ya mazishi yake mtu mmoja mzima, mwenye ndevu, alimnong'oneza mwenzake kuhusu paipu, akidhani mjane hasikii kwa sababu analia.

Anasikia vizuri. Ndiyo maana haya yameandikwa. Paipu ilikuwa ya rejeta, namba ilikuwa kilomita kwa lita, na bluu ilikuwa baridi ya injini. Wanaotaka kujua kwa nini alikubali kurudi kwa mama yule, na siku hiyo aliongea nini na mkewe kabla ya kuchukua funguo, wasijisumbue kupiga hodi. Hilo ni la nyumba hii. Halitasemwa.